Kontena langu siku 19 bandarini kisa mtu kaandika "HAJI, DARAJANI, ZANZIBAR"

Jamani mie hapa nilipo nimekereka sina hali. Kontena la futi 20 la marumaru kutoka China limeshushwa Malindi, mie nipo dukani nangoja simu, simu haiji. Siku ya 11 nikaenda mwenyewe kwa ejenti wa meli, naambiwa eti taarifa hawakuwa na pa kuipeleka. Kutazama bieli, ile karatasi ya meli ya mzigo, pa mpokeaji wameandika HAJI, DARAJANI, ZANZIBAR, basi! Hamna majina matatu, hamna simu, TIN hamna, hata sanduku la posta. Darajani pale kina Haji wangapi? Na pale pa mtu wa kujulishwa wameandika SAME AS CONSIGNEE, yaani yule yule mpokeaji, simu iliyokosekana juu na chini haipo. Na muuzaji nilimtumia kila kitu WhatsApp mara mbili, rasimu hakunionesha. Sasa TIN yangu ina majina matatu, bieli ina moja, haviendi. Siku za bure zishakwisha, bandari inahesabu yake na wenye kontena wanahesabu yao. Nalipa mie kwa kosa la nani??

kijana_wete: Pole bro. Mie kifurushi changu cha simu posta wiki ya pili sasa, na hawa vipi?

bi_fuoni: Si uwaambie waandike namba ya simu tu. Mie miaka yote mzigo wangu una jina na simu, haujakwama hata siku moja.

mzee_kliaringi: Bi Fuoni, wewe unachangia kontena la watu. Kwenye bieli kubwa mpokeaji ni yule mkusanyaji, jina lako meli haina habari nalo. Haji kontena ni lake peke yake. Sikiliza mwanangu, ejenti wa hapa hakubadilishii jina kwa maneno yako, karatasi hiyo ndo ya kudaia mali. Muuzaji aandike kwa kampuni ya meli huko alikopakia, wao ndo wamruhusu ejenti wa hapa. Ikisha hapo bado, manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, ishaingia forodha, ejenti aombe marekebisho nao wakubali. Kuongeza simu na anwani si kazi kubwa, jina ndo zito kwa sababu wanaogopa mali isije ikahamishwa kwa mtu mwengine, kwa hivo aombe HAJI libaki yaongezwe mawili, asije akaandika jina jipya kabisa. Bieli asili zimeshatoka?

mwenye uzi: Ninazo zote tatu mkononi mzee.

mzee_kliaringi: Basi usizipoteze, watazitaka zirudi ndo watoe nyengine.

mpemba_halisi: Mie wangu niligoma kulipa zile siku.

mwenye uzi: Ikawaje?

mpemba_halisi: Ikaongezeka.

mwenye uzi: Sasa nani analipa jamani, hilo hamjanijibu

mzee_kliaringi: Hapa watakudai weye tu, kwa meli mpokeaji ni mpokeaji. Muuzaji utamdai baadae kwa zile meseji, kama atakubali.

mwenye uzi: Meseji ninazo. Leo nimempigia mara 14, hapokei.