Tupeane uzoefu: ulitumia mbinu gani kukariri nchi za Afrika na miji mikuu yake?

Mzee wa Atlasi: Wakuu, kukariri nchi 54 kwa alfabeti ni kujitesa. Mimi nilikata bara vipande, na kipande kilichonisumbua kilikuwa pwani ya magharibi. Nikakitungia sentensi, unatembea na bahari kuanzia Moritania hadi Nigeria:

"Nunua dawa, babu! Bibi kikohozi, figo, mafua yamemzidi. Akaomba limau, pilipili, asali."

Herufi ya kwanza ya kila neno ni mji mkuu: Nuakchot, Dakar, Banjul, Bisau, Konakri, Freetown, Monrovia, Yamusukro, Akra, Lome, Porto-Novo, Abuja. Watu huchanganya Banjul na Bisau kwa sababu zote ni B na ziko jirani. Hapo ndipo babu na bibi wanaposaidia: BA-bu ni BA-njul, BI-bi ni BI-sau. Hata "dawa" inaanza na DA ya Dakar. Nyie mlifanyaje?

Chausiku: Hahaha, figo imeingiaje kwenye mafua?

Mzee wa Atlasi: Nilikosa F nyingine. Ila neno lisilokaa sawa ndilo halisahauliki, kwa hiyo nimeliacha.

Kijana Mjuaji: Mzee, marekebisho kidogo. Benin ni Kotonou, na Kodivaa ni Abijani. Sentensi yako ina makosa mawili.

Mzee wa Atlasi: Uko nusu sahihi. Serikali ya Benin inafanyia kazi Kotonou, lakini mji mkuu rasmi ni Porto-Novo. Yamusukro ilitangazwa mji mkuu mwaka 1983, ingawa shughuli nyingi zimebaki Abijani. Mtihani ukiuliza mji mkuu, jibu ni hizo nilizoandika.

Kijana Mjuaji: Mji mkuu usio na serikali ni mji mkuu wa nini sasa? Mimi bado sijakubali.

Mama Pacha: Mimi nina shida na sentensi za namna hiyo. Binti yangu anaiimba yote bila kukwama, lakini ukimuuliza ghafla "Togo?", anaanzia "nunua dawa" na kuhesabu vidole hadi afike. Na ukimpa ramani isiyo na majina, haonyeshi kitu.

Mzee wa Atlasi: Kweli, sentensi inakupa mpangilio tu. Akishaishika, muulize kinyumenyume, halafu anzia katikati: "Limau ni nani, na majirani zake ni akina nani?" Akijibu Lome, kushoto Akra, kulia Porto-Novo, bila kurudi kwa babu, basi imeingia. Kila akitaja neno, kidole kiwe juu ya ramani.

Bi Tega: Sisi nyumbani tunatumia vitendawili, na dawa ya hilo la Mama Pacha imo humo. Mnajua ule utaratibu: "Kitendawili!" "Tega!" Ukishindwa, unaambiwa "nipe mji". Tukaongeza sharti kwamba mji utakaotoa uwe mji mkuu wa Afrika, utaje na nchi yake, na uwe haujatolewa siku hiyo. Kwa hiyo anayeshindwa ndiye anayefanya mazoezi zaidi. Raundi za mwanzo kila mtu anatoa Nairobi na Kairo. Zikiisha, ndipo utawasikia wakikuna vichwa wakitafuta Mbabane na Moroni.

Mifano yetu: "Mwili mmoja, vichwa vitatu." Afrika Kusini: Pretoria, Cape Town, Bloemfontein. "Mwili uko bara, kichwa kilikaa miaka mingi kisiwani." Ginekweta, maana Malabo, mji wake mkuu wa miaka mingi, iko kisiwa cha Bioko.

Chausiku: Na "Ndugu wawili wa jina moja, wanachunguliana ng'ambo ya mto"?

Bi Tega: Kongo mbili! Kinshasa na Brazaville. Mwanangu alibisha kuwa Bangui nayo iko mtoni. Ni kweli, ila ng'ambo yake ni Zongo, ambao si mji mkuu. Kitendawili kizuri kiwe na jibu moja tu. Niliwahi kutega "nakunywa maji ya mto Nija", kukazuka ugomvi, kwa sababu Bamako inakunywa na Niamey inakunywa.

Dereva Mstaafu: Mimi nakumbuka miji kwa barabara. Kutoka Daresalaamu unapita Morogoro, halafu Dodoma...

Chausiku: Mzee wangu, hiyo ni nchi moja. Tunaongelea miji mikuu ya bara zima.

Dereva Mstaafu: Aa, basi hapo nina mmoja tu.

Mama Pacha: Bi Tega, tutajaribu leo usiku. Mzee, na zile zisizo na bahari? Mali na wenzake hawamo kwenye sentensi.

Mzee wa Atlasi: Hao wana yao, magharibi kwenda mashariki: Mali, Bukinafaso, Nija, Chadi. "BAta WA NIA, NJAa!" Bamako, Wagadugu, Niamey, Njamena.

Chausiku: Bata wa Nia nimemkamata. Sasa nani ana ya visiwa? Moroni, Viktoria, Antananarivo, Port Louis, Praia, Sao Tome. Mimi nimekwama kwenye V.