Msaada: fenkoili 62 kwenye waya mmoja wa MS/TP, joto linachelewa dakika 3 kwenye skrini

Kibao_Waya: Wakuu, habari za jioni. Jengo letu lina maduka chini, ofisi katikati na nyumba za kupanga juu. Fenkoili 62 za maduka na ofisi zipo kwenye waya mmoja wa MS/TP kwa kasi ya 38400, kisha ruta ya BACnet hadi kwenye seva. Orodha ya pointi inadai 12 kwa kila fenkoili. Nikibadili joto la chumba, seva inaliona baada ya dakika 3. Mkandarasi anasema ndivyo ilivyo. Kweli?

Mchaga_Umeme: Panda hadi 76800, kwisha kazi.

Bibi_Kontrola: Kasi itasaidia kidogo, kama kontrola zote zinaikubali, moja isipokubali itapotea. Mdogo wangu, fungua ruta utazame `Max_Info_Frames`. Nadhani ni 1. Maana yake, ruta ikishika tokeni inauliza swali moja tu, kisha inasubiri tokeni ipite kwa wote 62. Mzunguko ukichukua robo sekunde, pointi 744 ni sekunde 186. Ndizo dakika 3 zako. Weka 20. Kisha `Max_Master` iwe sawa na anwani kubwa kuliko zote, isibaki 127, maana wa mwisho anapoteza muda kuwatafuta wasiokuwepo.

Salma_HVAC: Mimi ghorofa ya tano ilikuwa inaonekana na kutoweka. Wiki nzima tunakagua nyaya, kumbe kontrola mbili zina namba moja ya kifaa. Anwani ya MS/TP inaweza kujirudia kwenye waya mwingine, lakini namba ya kifaa haijirudii jengo zima. Sasa naunganisha namba ya mtandao na anwani: mtandao 201, anwani 14, kifaa 201014.

Dula_Kamera: Kwani swichi yenu ni ya giga?

Bibi_Kontrola: Dula, tatizo lipo kabla ya swichi. Kibao, orodha yenyewe irudishe kwa mshauri. Pointi 12 za nini? Joto, joto lililopangwa, vali, feni na hitilafu zinatosha kusomwa mara kwa mara. Nyingine zisomwe mtu akifungua ukurasa. Halafu gawa waya: maduka peke yake, ofisi peke yake, kila mmoja na namba yake ya mtandao. Fundi wa duka akichokonoa nyaya, ofisi haziendi naye.

Mchaga_Umeme: Na nyumba za juu? Mwenye jengo atataka kuona joto la kila sebule.

Bibi_Kontrola: Mimi ningesoma mita tu. Sebule ni ya mpangaji. Ila wapo wanaobishana nami.

Kibao_Waya: Mrejesho. Ilikuwa 1 kweli! Nimeweka 20, `Max_Master` 62. Sasa sekunde 34. Waya sijagawa bado. Ila fenkoili namba 47 bado inapotea kila mchana, na nikipima kwenye kisanduku chake nakuta rezista ya mwisho imefungwa hapo, katikati ya waya.

Salma_HVAC: Itoe. Zinakaa ncha mbili tu. Lakini kupotea mchana tu? Hapo kuna kingine.