Tuliyesoma naye alinidokezea kazi, nimefanya mahojiano: nimwandikie nini kumshukuru?

MwanaMiritini

Hamjambo nyote. Naomba mnisaidie kwa hili.

Kuna jamaa tuliyesoma naye diploma ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Tangu tumalize tumekuwa watu wa salamu za Idi na basi. Mwezi uliopita akaniandikia kwamba ofisi moja ya kliaring kule Shimanzi inatafuta karani wa nyaraka, nafasi haijatangazwa popote, nipeleke wasifu wangu kwa meneja mwenyewe. Yeye hafanyi kazi pale. Yuko kwa wakala wa meli, na habari aliipata kwa rafiki yake aliye ndani ya ofisi hiyo. Akaniongezea neno moja: rudia hesabu za thamani ya forodha, maana pale hukalishwa na nyaraka kabla hujaulizwa maswali.

Nikapeleka, nikaitwa, na Jumanne nilienda. Kweli niliwekewa ankara, hati ya shehena na orodha ya vifurushi. Ankara ilikuwa FOB, yaani bei bila nauli ya meli wala bima, dola 20,000, nauli ya meli 1,500, bima 200, nikaulizwa ushuru utahesabiwa juu ya thamani gani. Nikaandika 21,700. Tena uzito kwenye hati ya shehena haukulingana na ule wa orodha ya vifurushi, nikawaonyesha. Mwisho meneja akaniuliza nani aliniambia kuhusu nafasi hii, nikamtaja huyu jamaa kwa jina.

Wamesema majibu baada ya wiki mbili. Nataka kumshukuru vizuri, kwa sababu hakuwa na deni lolote kwangu na bado alinikumbuka. Nimeandika hivi lakini sijatuma:

"Mambo kaka. Asante sana sana kwa kila kitu, Mungu akubariki, sina la kukulipa. Mahojiano yalienda poa, walileta ile hesabu ya dola 20,000 na nauli na bima, na uzito wa hati haukulingana, vile vile ulivyosema. Naomba uniulizie kwa rafiki yako kama nimepita. Usinisahau."

Nitume sasa au nisubiri majibu? Na maneno yenyewe yako sawa?

TudorYangu

Subiri majibu, ndugu. Ukimwandikia sasa ataona unamsukuma akufuatilie. Ukipata kazi ndipo umpigie umshukuru kwa furaha. Ukikosa, utakuwa unamshukuru kwa lipi?

BintiLikoni

Mimi baada ya mahojiano huwaandikia barua pepe wote walionihoji, siku ile ile, nikiwataja kwa vyeo vyao. Mwaka jana nilifanya hivyo kwa hoteli moja ya Nyali na walinijibu. Usiandike "mambo" kwa meneja, anza na "Mheshimiwa" au "Ndugu Meneja".

MwanaMiritini

Dada, ahsante, lakini meneja si shida yangu. Namuulizia huyu niliyesoma naye aliyenidokezea.

KaraniMkongwe

Mwanangu, mimi nimezeekea kwenye nyaraka za bandari hii, na vijana wengi nimewaelekeza kwenye nafasi kama hiyo. Niseme kwanza hesabu yako ni sahihi. Hapa kwetu ushuru huanzia kwenye bei ya bidhaa pamoja na nauli na bima mpaka bandarini, na wengi wakiona FOB 20,000 huishia hapo hapo.

Sasa tuje kwenye ujumbe. TudorYangu ana haki kuhusu kusukuma, ila kusubiri hapana. Wewe umeshataja jina lake mbele ya meneja. Shimanzi ni kijiji: yule meneja na watu wa wakala wa meli huzungumza kila siku kuhusu kontena. Anaweza kumpigia kesho asubuhi akamuuliza, "Huyu kijana unamjua?" Jamaa yako akiwa hajui hata kama ulienda, atababaika, na kubabaika kwake kutasomwa kama shaka juu yako. Kwa hiyo ujumbe huu, ukiacha shukrani, una habari anayoihitaji leo: umeenda, lini, na jina lake limetajwa. Hilo la jina ndilo muhimu kuliko yote, na kwenye rasimu yako halimo.

La pili, toa mtihani wote. Dola 20,000, nauli, bima, uzito, ondoa. Pengine kuna wengine hawajahojiwa bado. Ujumbe wa WhatsApp hausahauliki. Mtu huupiga picha ya skrini akautuma kwa mwingine kwa nia njema kabisa. Na yale maneno "vile vile ulivyosema" ni mabaya mno. Jamaa alikwambia urudie somo ambalo kila karani wa forodha lazima alijue. Ukiandika hivyo, anayesoma ataona rafiki yake wa ndani alivujisha maswali. Unaweza kumwachisha mtu kazi kwa sentensi ya shukrani.

La tatu, "uniulizie". Liondoe kabisa. Hapo umegeuza asante kuwa ombi jipya, tena ombi ambalo yeye hawezi kulitimiza bila kumsumbua yule wa ndani.

MpwaniHalisi

Maneno matupu hayana uzito pwani hii. Mtumie elfu mbili kwa M-Pesa, andika "chai", ataelewa. Mtu aliyekutoa mtaani humwachi hivi hivi.

KaraniMkongwe

La, ndugu yangu. Majibu hayajatoka, na huyo jamaa ana mtu ndani ya ofisi ile. Pesa ikipita sasa itaonekana inaelekea kwa yule wa ndani. Kenya ina Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, nayo inagusa kampuni binafsi pia, si ofisi za serikali peke yake. Sisemi kila chai ni hongo. Nasema rekodi ya M-Pesa katikati ya ajira ambayo haijaamuliwa ni kitu ambacho watu watatu watalazimika kukieleza siku moja. MwanaMiritini akishaanza kazi na kupata mshahara, amwalike chakula, hakuna wa kumuuliza.

MpwaniHalisi

Hilo la kusubiri mshahara nalikubali. Lakini sikubali kwamba zawadi ni mbaya. Wazee wetu hawakwenda mkono mtupu.

DadaWaKisauni

Naomba niseme kutoka upande wa anayedokeza. Nilimwambia mwenzangu mmoja wa shule kuhusu nafasi ya mapokezi, nikamweleza hata avae vipi na aingie lango gani. Kimya. Nilikuja kusikia arusini, kutoka kwa mtu mwingine, kwamba aliajiriwa zamani na ameshathibitishwa. Iliniuma, na si kwa sababu nilitaka kitu. Yule aliyenipa habari kule ofisini aliniuliza mara mbili, "Mtu wako alikuja?" nami sikuwa na jibu. Baada ya hapo hakuniambia tena nafasi zikitokea, na wadogo zangu wawili walikuwa wanatafuta.

Kwa hiyo, MwanaMiritini, hilo swali la TudorYangu, "utamshukuru kwa lipi ukikosa?" Unamshukuru kwa kukukumbuka na kukwambia. Hilo limeshakamilika, lipo hata usipoajiriwa. Na yale majibu ya wiki mbili ni ujumbe mwingine, utume siku utakapoyapata, yawe mazuri au mabaya. Mabaya ndiyo watu huyaficha, na ndiyo mtoa habari huyahitaji zaidi, maana hujua pale wanataka mtu wa aina gani.

Tena mwambie ni kitu gani hasa kilikufaa. "Asante kwa kila kitu" nimeandikiwa mara nyingi na sijui hata moja walishukuru nini.

MwanaMiritini

Nimewaelewa, na lile la jina lilinitoa jasho. Je, hivi?

"Assalam aleikum kaka. Jumanne nilienda kwenye mahojiano ya Shimanzi. Asante kwa kunikumbuka. Nafasi haikutangazwa, bila wewe nisingeijua. Uliponiambia nirudie hesabu za thamani nilizipitia upya zote, na nilikaa pale bila wasiwasi. Meneja aliniuliza nimesikia wapi, nikakutaja kwa jina, nakujulisha ili akikuuliza isiwe ghafla. Majibu ni baada ya wiki mbili, nitakwambia yakitoka, yoyote yale. Huna haja ya kufuatilia chochote. Mfikishie rafiki yako shukrani zangu."

KaraniMkongwe

Sasa umeandika. Hesabu za thamani ziache, hazitaji mtihani. Ila sentensi ya mwisho ningeiondoa. Rafiki wa ndani asionekane kwenye maandishi mpaka ajira iamuliwe. Mkikutana utamwambia kwa mdomo.

DadaWaKisauni

Hapo sikubaliani nawe mzee. Yule wa ndani ndiye aliyejitoa zaidi, na ndiye husahaulika kila mara. Hajatajwa jina wala ofisi yake. Shukrani moja isiyo na jina haimdhuru mtu.

KaraniMkongwe

Ofisi imetajwa, binti yangu. "Shimanzi" na "rafiki yako" kwenye ujumbe mmoja, anayewajua ataunganisha. Lakini sitagombana kwa hilo.

TudorYangu

Na grupu ya darasa je? Sisi huwa tunamshukuru mtu mbele ya wote ili wengine nao wapate moyo wa kudokezana.

DadaWaKisauni

Sasa hivi hapana. Kesho yake huyo jamaa atakuwa na watu thelathini wanaomwomba awaingize. MwanaMiritini akishaajiriwa amuulize jamaa mwenyewe kwanza kama anataka kutajwa. Wengine hupenda, wengine hukasirika.

MwanaMiritini

Nimetuma, ile ya rafiki nimeitoa, nitaisema tukionana. Amejibu baada ya swala ya alasiri: "Shukran kwa kuniambia la jina. Lakini meneja akinipigia nimwambie nini? Tangu chuo sijui umekuwa wapi."

Sikuwa nimefikiria kwamba hajui. Nimemwandikia mistari miwili: nilikuwa kwenye yadi ya kontena Miritini nikishughulikia nyaraka za magari yaliyotumika, kisha nikahamia ofisi ndogo Changamwe, huko nikajaza maombi ya forodha kwenye mfumo. Inatosha?

KaraniMkongwe

Mtumie na wasifu ule ule uliopeleka Shimanzi, si mpya uliourekebisha. Meneja ana nakala mezani. Yeye akisema Changamwe na karatasi inasema kwingine, mtaonekana mmepangana.

MwanaMiritini

Nimemtumia ule ule. Majibu yakitoka nitaandika hapa.