Mrejesho: masharti ya kukodisha ukumbi

Niliuliza: “Masharti ya ukumbi wetu wa South B ni aya moja ya kurasa mbili. Niyagawe vipi bila kubadilisha maana?”

Nawashukuru kwa ushauri. Sasa tuna sehemu 9 zenye nambari na vichwa vifupi, na kisanduku cha fasili juu kabisa.

Kisanduku hicho ndicho kilichonisumbua. Nilikuwa nimeandika: “Amana ni shilingi 10,000 zinazolipwa wakati wa kuweka nafasi, ambazo hazirudishwi mteja akighairi zikiwa zimebaki chini ya siku 7.” Wakili aliyeipitia rasimu alinionyesha kwamba nusu ya pili si fasili bali ni sharti, na kwamba mteja anayetaka kughairi angesoma sehemu ya 5, “Ukighairi”, asilikute hapo. Tulibakiza maana ya amana kisandukuni, na sharti tukalihamishia kifungu cha 5.2.

Neno “siku” nalo lilikuwa na maana mbili: mahali pengine siku za kazi, pengine siku zote. Kwa harusi ya Jumamosi, siku 7 za kazi zingemlazimu mteja aghairi zaidi ya wiki moja kabla, jambo ambalo hatukulikusudia kamwe, kwa hiyo fasili sasa inasema waziwazi kwamba Jumapili na sikukuu nazo zinahesabiwa.

Mwisho, kila “kama ilivyoelezwa hapo juu” tuliibadilisha kuwa nambari ya kifungu, kisha tukazikagua upya nambari hizo baada ya kuhamisha vifungu, na mbili zilikuwa zimeelekeza kwingine.