Kibarua wa 10,000 kwa siku au mwajiriwa wa 300,000 kwa mwezi?

Mama Mikate: Ndugu zangu, habari za leo. Nina jiko la mikate Morogoro, nikisaidiwa na mtoto wa dada yangu, ambaye simlipi mshahara bali nampa nauli na chakula, pamoja na kibarua wa kukanda unga ninayemlipa 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kijana anaondoka kwenda chuoni, na vibarua wanabadilika kila mara, hivyo nashinda jikoni badala ya kutafuta maduka ya kunichukulia mikate. Nikiajiri mtu kwa 300,000, tofauti si 40,000 tu?

Seremala: Usijifunge, dada. Mlipe kila Jumamosi, ataendelea kuwa kibarua na sheria haitakugusa.

Mzee wa Duka: Mimi mpwa wangu alinimalizia mtaji mzima. Ndugu hafai kushika pesa.

Mhasibu wa Mkoani: Mzee, hakuuliza habari za wizi. Seremala, kazi ya siku moja moja kweli ni kibarua, lakini Sheria ya Taasisi za Kazi humchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwa kwa miezi mitatu amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi, isipokuwa uthibitishe vinginevyo. Mkandaji wa kila siku huzifikisha ndani ya wiki moja.

Mama, juu ya 300,000 weka 30,000 za NSSF, ambazo ni sehemu yako ya asilimia 10, na 1,500 za WCF, mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo, na kwa anayepumzika Jumapili hizo ni kama siku 24 za kazi, ambazo utamlipa kibarua wa kushika nafasi 240,000, yaani 20,000 kila mwezi. Jumla ni 351,500, hivyo tofauti halisi ni 91,500, kabla ya kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka anaoutimiza.

Kubalianeni pia kama 300,000 ni kabla ya makato, kwa sababu akikatwa 30,000 zake za NSSF atapokea 270,000, kiwango ambacho bado hakigusi kodi ya mshahara, na ugomvi mwingi huanzia siku ya malipo ya kwanza.

Mama Mikate: Mkate mmoja hunibakishia 300.

Mhasibu wa Mkoani: Basi unahitaji mikate 305 ya ziada kwa mwezi, karibu 12 kwa siku. Kabla ya kuajiri, ukiwa bado na kijana, toka asubuhi kwa wiki mbili uone kama maduka yataichukua.

Seremala: Na msimu ukianguka?

Mhasibu wa Mkoani: Hapo ndipo penye uzito, kwani wa mwezi hupewa notisi ya siku 28 na lazima uwe na sababu ya haki, ingawa miezi sita ya mwanzo ina unafuu.

Mama Mikate: Mwezi wa Ramadhani mauzo yangu ya asubuhi hushuka nusu. Hilo sijalipatia jibu.