Laptopu inaonyesha 169.254 badala ya IP ya ofisi: niweke IP kwa mkono, nipunguze muda au nipanue renji?

Kijana_wa_Posta
Wakuu salaam. Ofisini tuko kama watu 60, ruta inagawa kuanzia 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.199, muda wa kila IP ni saa 24. Wanaowahi asubuhi wanapata vizuri, wanaochelewa laptopu zinaonyesha 169.254.37.12, maski 255.255.0.0, sehemu ya ruta haina kitu. Nikijaribu kuomba upya inaniambia "unable to contact your DHCP server". Nina njia tatu kichwani, niwawekee IP kwa mkono, nipunguze muda, au nipanue renji. Ipi bora?

Mzee_Swichi
Kabla ya kuchagua, hakikisha tatizo liko wapi. Hiyo 169.254 haijatoka kwenye ruta, laptopu imejipa yenyewe baada ya kuomba ikakosa jibu, kwa hiyo haikuambii kama ruta imeishiwa au waya haufiki. Chukua laptopu moja yenye shida, iwekee kwa mkono 192.168.1.240 ambayo iko nje ya renji yako (kwanza kutoka mashine nzima ipingi uone kama hakuna anayeitumia), maski 255.255.255.0, halafu:

```
ping 192.168.1.1
```

Ikijibu, waya na swichi viko salama, mwenye kosa ni mgawaji. Isipojibu, usiguse mipangilio ya ruta, fuata waya na poti.

dotcom_254
Mnazunguka sana, zima ruta washa, kwangu huwa inapona papo hapo.

Mzee_Swichi
@dotcom_254 inapona kweli, ila angalia kwa nini. Ruta nyingi ndogo zikizimwa zinasahau zilimpa nani nini, zinaanza kugawa upya, na simu iliyokuwa na .115 bado inaitumia huku mwingine naye anapewa .115. Hapo utaona watu wawili intaneti inakatika katika bila sababu na utahangaika nayo kuliko hiyo 169.254.

Bi_Rehema
Samahani jamani mi natumia modemu ya laini, inaonyesha 192.168.8.100, na mimi ni tatizo hilo?

dotcom_254
Hapana dada, hiyo umepewa na modemu yako, uko sawa.

Nyaya_Mombasa
Kwetu ilikuwa tofauti, IP zilikuwepo tele lakini kompyuta za mezani zikiwashwa zinapata 169.254 halafu baada ya dakika kadhaa zinajirekebisha zenyewe. Ilikuwa swichi, poti ikiamka inakaa kama sekunde 30 ikichunguza kama kuna mzunguko kabla ya kupitisha chochote, Windows ikaomba ikachoka, kisha inajaribu tena kila baada ya dakika 5. Tukawasha portfast, ile inayofanya poti ipitishe data bila kusubiri hizo sekunde, kwenye poti za kompyuta tu, kamwe usiiwashe kwenye poti inayoenda swichi nyingine.

Kijana_wa_Posta
Mzee Swichi nimefanya, .240 imejibu ping. Nikafungua orodha ya wateja kwenye ruta, zote 100 zimechukuliwa na nyingi ni simu, kumbe waifai ya wageni inachota humo humo. Mtu akija kikao cha nusu saa anaondoka na IP inabaki kwa jina lake mpaka kesho.

Mzee_Swichi
Basi jibu lako limejionyesha. IP za mkono kwa watu 60 usithubutu, mtu akienda nayo nyumbani haishiki, na ukikosea namba mbili zikagongana ni wewe utakayeitwa. Zibakishe kwa printa na seva. Kupunguza muda ndiko kunakotibu kwako, weka saa 2, laptopu inaomba kuongezewa muda ukifika nusu, yaani saa 1, kwa hiyo aliyepo hakatiki. Hasara yake mgawaji akifa asubuhi, ofisi nzima inaanza kudondoka mapema, wakati kwa saa 24 wengi wangefika jioni. Renji nayo panua, anza .30 mpaka .250 upate 221, ila kwanza angalia printa iko namba gani isije ikamezwa humo, na ile laptopu ya .240 irudishe kwenye otomatiki.

Nyaya_Mombasa
Mimi ningetenga wageni kabisa kwenye mtandao wao, saa 2 au saa 24 simu zao zisikuguse. Kupanua renji tu ni kusogeza siku.

Mzee_Swichi
Kama ruta yake inaweza, nakubali. Zile ndogo nyingine huo uwezo hazina.

Kijana_wa_Posta
Printa iko .20, nimeanzia .30, muda saa 2. Mchana huu waliochelewa wote wamepata, isipokuwa kompyuta moja ya uhasibu, bado 169.254, na hiyo hata nikiiwekea IP kwa mkono ruta haijibu.

Mzee_Swichi
Hiyo ni kesi nyingine. Hamishia waya wake kwenye poti ya jirani inayofanya kazi, ikipona poti yake iko VLAN isiyo yake, yaani imetengwa kwenye mtandao mwingine ndani ya swichi hiyo hiyo, au imekufa. Isipopona badilisha waya wenyewe, halafu tuambie.