Dereva ananipiga kwenye gesi ya gari, ushahidi wa hesabu ninao. Nimfikishe wapi?

Bosi_Kibamba: Wakuu, habari za jioni. Nina kagari ka abiria wa mtandaoni hapa Dar, natumia gesi asilia, mtungi wa lita 60 uko kwenye buti. Dereva akijaza ananiletea risiti, wastani kilo 9 kila mara. Mimi nimekaa nikapiga hesabu: mtungi huo ukijaa kabisa unabeba kilo 7.7, hauongezeki hata gramu. Ina maana kilo na zaidi kila siku anajazia gari jingine kwa hela yangu. Nimwachie tu au nimpeleke polisi?

Kiroboto: Polisi kwa kilo moja ya gesi? Watakuuliza umekuja na mtungi au bila mtungi.

Mama_Ushungi: Gesi zote wanaiba, mwanangu. Mtungi wangu wa jikoni wa kilo 15 zamani ulinifikisha wiki sita, siku hizi wiki nne. Nikimuuliza muuzaji anasema napika maharage sana.

Mpimaji_Gesi: Mama, gesi yako ya jikoni humo ndani ni kimiminika, ya huyu ni gesi iliyokandamizwa. Hizo ni kesi mbili tofauti. Bosi, hiyo 7.7 umeipataje?

Bosi_Kibamba: Hesabu ya kawaida tu. Mimi si mbumbumbu, shule nimekwenda.

Mpimaji_Gesi: Sijasema mbumbumbu. Nimeuliza umeipataje.

Bosi_Kibamba: Haya. `PV = nRT`. Presha baa 200, lita 60, joto nyuzi 27. Nikapata moli 481, mara gramu 16 za methane, kilo 7.7. Sayansi haina ushemeji.

Kiroboto: Baa 200? Huyo dereva anazimaliza saa ngapi zote? 😂

Mama_Ushungi: Subiri kwanza. Ushemeji umeingiaje hapo?

Bosi_Kibamba: Dereva ni mdogo wake mke wangu. Nilijua nikisema mapema mtaanza kuleta mambo ya undugu. Ufunguo nimeshamnyang'anya tangu Jumatano, na sioni nilipokosea. Mke hanisemeshi, atazoea.

Mama_Ushungi: Mkeo ana haki. Mtu mzima unamvua shemeji yako riziki kwa herufi tano?

Gesi_Dume: Bosi, hiyo fomula inafaa kwa gesi ya kufikirika tu. Gesi ya kweli molekuli zake zina ukubwa, zinakula nafasi. Kwa hiyo mtungi unabeba PUNGUFU ya ulivyodhani. Nimekufanyia hesabu, ukitoa nafasi inayoliwa unabaki na kilo 5.7. Shemeji ni mwizi kuliko unavyofikiri.

Bosi_Kibamba: Mmeona?

Mpimaji_Gesi: Gesi_Dume ameshika nusu, na nusu hiyo ndiyo itakayovunja ndoa ya mtu. Ni kweli molekuli zina miili. Lakini pia zinavutana, na kwenye methane, kwa baa 200 na joto la Dar, mvuto ndio unaoshinda. Marekebisho haya mawili ni ya Van der Waals, Mholanzi, mwaka 1873, na yanakwenda pamoja.

Tuchukue mtungi wa Bosi tuweke moli 585, yaani kama kilo 9.4. Fomula yake ingesema geji isome 243. Sasa hesabu miili: moli hizo zinajizuilia lita 25, zinabaki lita 35 za kuchezea. Kwenye lita 35 presha ingeruka hadi 417. Hapo ndipo Gesi_Dume aliposimama. Endelea sasa. Molekuli inayokwenda kugonga ukuta wa mtungi, wenzake walio nyuma wanaivuta, inafika imepungua nguvu. Punguzo hilo kwa msongamano huu ni baa 217. Toa 217 kwenye 417, geji inasoma 200. Kwa hiyo mtungi uleule, geji ileile, kuna kilo 9.4 ndani na si 7.7.

Gesi_Dume: Mbona darasani tulitumia `PV = nRT` na majibu yakatoka?

Mpimaji_Gesi: Kwa sababu darasani presha ilikuwa ya chumba. Hata kwenye baa 5 methane inakosea chini ya asilimia moja, huwezi kuiona. Ukiisonga hadi 200 molekuli zinakaribiana, na mvuto unakua kwa mraba wa msongamano, kwa sababu wanaogonga wameongezeka na wanaowavuta wameongezeka pia. Hata ya Van der Waals ni makadirio, ila hapa haikosei sana.

Mzamiaji_Nungwi: Mimi napinga. Chupa zetu za kuzamia ni lita 12, baa 200, tunahesabu lita 2,400 za hewa na watu wanapanda salama kila siku. Hatujawahi kupata nyongeza ya bure.

Mpimaji_Gesi: Hewa ni nitrojeni na oksijeni, hazivutani kama methane kwenye joto hili. Kwa baa 200 mvuto na ukubwa vinakaribia kufutana, ndiyo maana hesabu yenu inakubali. Nendeni baa 300 mtaona: ukubwa unashinda, chupa inabeba pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi. Hapo Gesi_Dume angekuwa sahihi.

Mzamiaji_Nungwi: Hiyo ya 300 ni kweli, tumeiona. Lakini chupa ikijazwa haraka inapata joto, ikipoa geji inashuka. Na magari je?

Mpimaji_Gesi: Hapo umenibana. Ndivyo hivyo, pampu ikikata wakati mtungi una joto, gesi iliyoingia ni pungufu ya 9.4. Kwa kiasi gani inategemea kituo.

Chai_Tupu: Wakuu mnachoshana bure. Lita 60 kamili, baa 200 kamili, nyuzi 27 ambazo zikigeuzwa ni kelvini 300 kamili? Hili ni swali la kidato cha sita, mtoto ana mtihani kesho. Chai hii imezidi sukari.

Kiroboto: Aisee! Na shemeji ni swali la nyongeza, alama tano.

Bosi_Kibamba: Nyuzi 27 nilikadiria, buti la gari sina kipimajoto. Risiti ninazo mkononi. Anayebisha aje Kibamba nimwonyeshe na ufunguo.

Mpimaji_Gesi: Kama zipo, acha wastani, taja moja moja. Na alikuwa anajaza geji ikiwa ngapi?

Bosi_Kibamba: Anajaza ikifika 20 hivi. Risiti ni tano: 8.4, 8.6, 8.3, 8.5, 11.2.

Mpimaji_Gesi: Kwa baa 20 mlikuwa mmebakiwa na karibu kilo 0.8. Toa kwenye 9.4, nafasi ni 8.6. Risiti nne za kwanza zimekaa palepale, na hiyo 8.3 huenda ndiyo joto la Mzamiaji. Pampu yenyewe haipigi hesabu ya presha. Ndani kuna bomba linalotetemeka linalosoma uzito unaopita. Kijana kwa hizo nne ni safi. Ila 11.2 haiingii kwenye lita 60 kwa baa 200, hata mtungi ungekuwa mtupu.

Bosi_Kibamba: Si nilisema! Mwizi ni mwizi.

Chai_Tupu: Mara moja kati ya tano, na imefichwa ndani ya wastani. Kweli mwandishi anajua kupanga.

Mama_Ushungi: Risiti ina tarehe. Siku hiyo gari lilikuwa na nani?

Bosi_Kibamba: Jumapili ya tarehe 14.

Mama_Ushungi: Nimeuliza na nani.

Bosi_Kibamba: Jumapili shemeji huwa hafanyi kazi. Ngoja nimuulize mama watoto, kama atanijibu.